Mama Zuhura, nyumba ya Barabara ya 12 Ngamiani: usilipe hizo milioni 35 za bakaa kwa sasa

Shikamoo mama. Hii ni ile barua ya maoni ya kisheria ya kurasa 11 uliyoichukua ofisini, nimeiandika upya kwa ufupi, jibu limekaa juu na sababu ziko chini.

HATARI: KUBWA. Ukilipa sasa hivi unaweza kupoteza milioni 45 zote na nyumba usiipate.

USHAURI WETU: SUBIRI. Usitoe hela nyingine, usisaini kitu, usihamishie vitu pale. Familia ya marehemu mwenye nyumba wafungue mirathi mahakamani kwanza, msimamizi wa mirathi akishateuliwa ndo uandikishane nae mkataba mpya, na zile milioni 10 ulizotanguliza zihesabiwe humo humo. Wakikataa, tunadai hela yako irudi.

Ukishika hayo tu hata usipomaliza kusoma huku chini umeshajikinga na sehemu kubwa ya balaa.

Sasa kwanini tunasema hatari ni kubwa. Tulifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hati bado inasoma jina la marehemu mzee wao aliyefariki 2019. Huyo anayekuuzia ni mtoto wake kweli, hilo hatulibishi, lakini kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama na kwa nyumba hii hajateuliwa mtu yeyote mpaka leo. Na sheria iko hivi, mtu hawezi kukupa kitu ambacho hana, kwa hiyo hata mkataba wenu uwe na mihuri kumi na mashahidi ishirini, ule mkataba hauihamishi nyumba kuja kwako.

Najua alikuonesha ile karatasi ya kikao cha ukoo na ndo iliyokupa moyo. Mimi nimeisoma hiyo karatasi kwa makini, ni ukurasa wa daftari umeandikwa kwa peni ya bluu, una majina manne, saini mbili na dole gumba moja, na mbele ya jina la nne hakuna kitu. Hilo jina la nne ni la mjane, yule bibi anayekaa vyumba vya uani mpaka sasa. Alafu dada yao aliyeolewa Muheza hayumo kabisa, wala yule kaka yao wa Mombasa. Muhtasari wa kikao kazi yake ni kupendekeza nani aende mahakamani kuomba usimamizi, basi, haumpi mtu ruhusa ya kuuza. Na hapa hata kupendekeza hawajapendekeza vizuri manake nusu ya familia haikuwepo.

Hawa ambao hawakusaini ndo wanaotutia wasiwasi zaidi mama. Mzee alikuwa Muislamu na alikuwa na watoto, kwa hiyo mjane ana thumni yake yaani moja ya nane, na watoto wa kike wana mafungu yao, mtoto wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike ila wa kike haachwi. Yeyote kati yao anaweza kukushtaki kuidai nyumba, na kudai ardhi sheria inatoa miaka 12, kwa hiyo unaweza kuwa umeshapaka rangi, umeshaezeka upya, umeshaweka wapangaji, ndo unaletewa samansi. Ikifika huko wewe utabaki kumfukuza muuzaji akurudishie hela zako, na hela yenyewe atakuwa ameshaila.

Hatari ya kusubiri ipo pia, ila ni ndogo zaidi, tunaiweka WASTANI. Kwanza wanaweza kuchelewa au kugombana wenyewe kwa wenyewe. Pili wanaweza kumpata mnunuzi mwingine, na najua ameshakwambia kuna mtu wa Dar ana hela mkononi. Huyo mtu wa Dar nae atakutana na hati hiyo hiyo yenye jina la marehemu. Tunakuomba sana isiwe sababu ya kukimbilia benki.

Ukikubali kusubiri, mambo yanaenda hivi. Familia inakaa kikao cha kweli, mjane na watoto wote, wanampendekeza mtu, anaomba Mahakama ya Mwanzo ya hapa mjini. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwako wewe hilo tangazo ni kinga, kama kuna mtoto mwingine hatumjui ni bora ajitokeze sasa kuliko ukishalipa. Akishateuliwa anajiandikisha kwenye daftari la ardhi kama msimamizi, ndo anapata uwezo wa kusaini uhamisho kuja kwako. Mkataba mpya tutauandika sisi na warithi wote wasaini kuwa wameridhia, na bakaa ya milioni 35 iingie akaunti ya mirathi, sio mfukoni kwa mtu. Na isitoke yote kwa mara moja, sehemu kubwa ibaki mpaka hati isome jina lako. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa bei yenu ni kama 450,000, na tutadai waoneshe risiti za kodi ya pango la ardhi.

Njia ya pili ni kujitoa kabisa na kudai milioni 10. Ni haki yako, una risiti na meseji zake za kukiri kupokea, na dai la mkataba lina miaka 6 kwa hiyo muda haujatubana. Hatujaiweka ya kwanza kwa sababu wewe mwenyewe ulisema nyumba unaitaka, iko karibu na biashara yako Mgandini, na bei ni nzuri. Ila familia ikikataa kwenda mahakamani, au mjane akisema hauzi, hapo ushauri wetu unabadilika siku hiyo hiyo na tunaingia njia hii.

Uliuliza kuhusu kuweka kaveti, lile zuio kwenye daftari la ardhi. Kwa sasa hapana, manake haki yako imetoka kwa mtu asiye na mamlaka na familia ikilipinga halitasimama. Tukishakuwa na mkataba na msimamizi, hapo tutaliweka mara moja.

Akikupigia leo usibishane nae kwenye simu, mtumie hii meseji kama ilivyo:

"Asalaam aleykum kaka. Nyumba bado naihitaji na bei ni ile ile. Bakaa nitalipa kwa msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, warithi wote na mama yenu wakiwa wameridhia. Naomba mnijulishe lini mnaanza. Ile milioni 10 niliyokupa ibaki kwenye hesabu ya nyumba."

Usiongeze kitu, usiahidi tarehe. Majibu yake usiyafute, hata ya sauti.

Kesho asubuhi njoo na risiti ya ile milioni 10 halisi, sio fotokopi, na simu yako yenye hizo meseji. Na mama, kama ulishampa hela nyingine pembeni ambayo haiko kwenye risiti, tuambie hiyo kesho, hakuna atakayekulaumu, ila lazima tuijue kabla hatujamwandikia barua.