Zoezi la Kemia: Alkani Zenye Matawi

Kidato cha Nne, masomo ya jioni, Moshi. Dakika 40, alama 20. Tumia penseli na ufutio.

Kabla ya kuandika jina, tafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Mnyororo si lazima unyooke, unaruhusiwa kukata kona. Pitisha kidole kwenye kaboni bila kurudi nyuma. Hapo ndipo alama nyingi hupotea. Tazama:

```
CH3–CH–CH2–CH3
    |
    CH2–CH3
```

Ukisoma mstari wa juu tu utapata kaboni 4, uandike 2-ethilibutani, ukose. Anzia CH3 ya kulia, rudi hadi CH, shuka chini: kaboni 5. Kinachobaki pembeni ni CH3 moja iliyoshika kaboni ya 3. Jina ni 3-methilipentani.

Namba zianzie upande ulio karibu na tawi. Kila tawi lina namba yake hata kama mawili yako kaboni moja (2,2-, si 2-). Koma hutenganisha namba na namba. Kistari hutenganisha namba na neno. Ethili hutangulia methili kwa alfabeti. Di na tri hazihesabiwi.

A. Taja majina (alama 10)

1. CH3–CH(CH3)–CH3
2. CH3–CH2–CH2–CH(CH3)–CH3
3. CH3–CH(C2H5)–CH2–CH2–CH3
4. CH3–C(CH3)2–CH2–CH(CH3)–CH3
5. CH3–CH2–CH(C2H5)–CH2–CH(CH3)–CH3

Ya 4 ndiyo iliyopewa 100 kwenye kipimo cha oktani cha petroli.

B. Chora fomula za muundo (alama 6)

6. 2,3-dimethilibutani
7. 2,2-dimethilipropani
8. 3-ethili-2-methilipentani

Chora kaboni za mnyororo kwanza, zipe namba, tundika matawi, haidrojeni zije mwisho. Kila kaboni ina mikono 4 tu. Kwenye swali la 7 wengi huiachia kaboni ya katikati haidrojeni, nayo tayari imejaa. Ukimaliza, hesabu: lazima upate CnH2n+2.

C. Majina haya yamekosewa. Chora, kisha sahihisha (alama 4)

9. 4,4-dimethilipentani
10. 2-ethilibutani yenye methili moja zaidi kwenye kaboni ya 3

Majibu

1: 2-methilipropani. 2: 2-methilipentani, aliyeandika 4- amehesabu kutoka kushoto kwa mazoea, apewe alama 1. 3: 3-methiliheksani. 4: 2,2,4-trimethilipentani. 5: 4-ethili-2-methiliheksani, kutoka kushoto ni 3 na 5, kutoka kulia 2 na 4, zinachukuliwa ndogo.

6: CH3–CH(CH3)–CH(CH3)–CH3, C6H14. 7: C(CH3)4, C5H12. 8: CH3–CH(CH3)–CH(C2H5)–CH2–CH3, C8H18.

9: 2,2-dimethilipentani. 10: CH3–CH(C2H5)–CH(CH3)–CH3. Mnyororo una kaboni 5, hivyo ni 2,3-dimethilipentani. Mchoro sahihi wenye jina baya upewe alama 1.