Muswada Hadi Sheria: Kipindi cha Uraia, Kidato cha Pili

Haya, kaeni. Pale nyuma, simu mfukoni.

Serikali ikitaka sheria mpya, huandika muswada. Mbunge naye anaweza kuleta wake, huo tunauita muswada binafsi. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali ili wananchi wauone, kisha unaingia bungeni Dodoma.

Kusomwa mara ya kwanza ni kazi ya dakika chache: Katibu anasoma jina tu, basi. Msisubiri mabishano hapo. Muswada unakwenda kwenye Kamati, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana Kamati huita wadau watoe maoni. Wavuvi, wanasheria, hata ninyi wanafunzi mnaweza kupeleka maoni yenu kwa maandishi. Wengi hulalamika sheria ikishapita, wakati mlango ulikuwa wazi huku.

Mara ya pili ndiyo ile mnayoiona kwenye televisheni. Waziri anatoa hoja, wabunge wanajadili. Wakimaliza, Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, linapitia kifungu kwa kifungu na kurekebisha. Mara ya tatu, muswada unapitishwa.

Je, umeshakuwa sheria? Nani kasema ndiyo? Bado! Ibara ya 97 ya Katiba inataka kibali cha Rais. Akikataa, anaurudisha na sababu zake. Bunge likiuunga mkono tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21: akubali, au alivunje Bunge.

Ndiyo, Amina, uliza.