Jamvini kwa bibi, Mtambwe

Assalaam alaykum wapendwa. Picha hii imepigwa Ijumaa baada ya sala, uani kwa bibi yangu, Mtambwe. Aliyeipiga ni mdogo wangu wa darasa la sita, ndiyo maana kidole chake kimetokea pembeni. Sikutaka kukikata. Alipiga picha 19 siku ile na nyingine zimetoka safi kuliko hii, lakini hii ndiyo niliyoitazama usiku kucha.

Mimi mnanijua, ni huyo wa kushoto mwenye kanga. Mikono ya katikati yenye hina iliyofifia ni ya bibi. Na ng'ambo ya chungu la karafuu yupo mtu ameinama, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Picha haikuharibika. Tumeichagua pamoja, na kabla ya kuiweka hapa nilimwonyesha mama. Mama akampelekea baba. Baba akaitazama muda mrefu, akanirudishia simu yangu, akasema: "Karafuu za mwaka huu zimejaa vizuri." Akavaa makubadhi yake akaenda kusali Laasiri. Nimelelewa na mzee huyu, najua akikataa husema nini, na hakusema.

Wa Pemba wenzangu nawaomba mtazame picha mara ya pili. Tazameni tulipokaa. Hapa si barazani. Kwetu mgeni wa kiume hukaribishwa baraza ya nje, akaletewa maji, akaletewa kahawa, akazungumza na wazee, na akiondoka hajui hata jiko liko upande gani. Uani ni pa watu wa ndani. Ndugu yake babu anayetoka Micheweni mara mbili kwa mwaka hupiga hodi mlango wa mbele na kungoja. Basi siku ile mtu huyu alifika, akakaa barazani kama adabu inavyotaka, na bibi akatoka mwenyewe na fimbo yake mpaka ukumbini akasema: "Mwambieni aje huku nyuma, karafuu zitalala mbichi." Mama mkubwa alinitazama. Mimi nikatazama chini. Hayo ndiyo yaliyotokea, nimeyaandika kama yalivyo.

Tazameni na kanga. Asubuhi ile bibi alifungua kasha, akatoa doti mpya ambayo haijakatwa, akaniambia nilete mkasi. Jina lake "Subira yavuta heri". Pande moja alinifunga mimi juu ya gauni, nisichafuke na utomvu. La pili akaliweka mapajani na sikujua ni la nani. Mchana alipoona mgeni anajikuna miguu kwa ukali wa jamvi, akamrushia: "Tandika hiyo ukalie." Mtaona pindo lake limechomoza chini ya goti, jekundu, sawasawa na la kwangu. Jioni nilitaka kuyakunja yote mawili niyarudishe kasheni, bibi akasema yake achukue. Sasa pande moja liko Mtambwe na jengine liko Unguja, na hayajapindwa bado.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye jamvi la karafuu, ngoja niwaeleze, maana ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Karafuu huja na vikonyo vyake, zimeshikana vichala vichala, rangi kati ya kijani na wekundu mdogo, kabla ua halijafunguka. Likishafunguka thamani imekwenda. Unashika kichala kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unazungusha, karafuu zinadondoka na konyo linabaki vidoleni. Karafuu huku, konyo kule. Makonyo hayatupwi, yanatiwa gunia lake yapelekwe Wawi yakakamuliwe mafuta. Mtu aliyezoea, mikono yake inakwenda huku anazungumza mambo ya mirathi. Bibi hata haangalii.

Mtu huyu hakuwahi kuchambua karafuu maisha yake yote. Saa ya mwanzo alikuwa anazing'oa moja moja kama anayechagua mchele, na kila akimaliza kichala kimoja sisi tumemaliza kumi. Hakuna aliyemcheka. Bibi alimshika kiganja, akakigeuza, akamwekea kichala, akamzungushia kwa mkono wake yeye. "Usiipige vita, mwanangu. Ifuate." Akarudia. Akarudia tena. Ilipoingia Magharibi alikuwa amejaza pishi yake, vidole vimeiva rangi, na hakuinuka mara hata moja kusema kachoka. Akaomba maji ya udhu. Mimi niliyaona hayo nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na sikusema neno, lakini kama kuna siku nitaulizwa nilijua lini, nitasema siku ile, kwenye pishi ile.

Bibi naye hakumwacha bila darsa. Alipomuuliza kwao wapi akajibu Unguja, akamwambia Unguja nako kulikuwa na mikarafuu mingi, dhoruba ya mwaka 1872 ikaing'oa, Pemba ikasalia. "Tangu hapo msimu ukifika watu wa kwenu huvuka kuja kwetu. Wewe si wa mwanzo." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Wengine walivuka hawakurudi peke yao." Mama mkubwa akaita paka ambaye hakuwepo.

Mtauliza tumejuana vipi. Nitasema kidogo. Tulikuwa kwenye boti, tumetoka Malindi asubuhi, na baada ya Nungwi bahari ikachafuka kama inavyochafuka pale. Safu ya mbele yangu kulikuwa na mtu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mkobani mwangu karafuu hazikosi, bibi huniwekea tangu nilipokuwa skuli. Nikatoa tatu, nikampa mama mmoja aliyekaa kati yetu ampelekee, azitafune polepole. Boti ilipofunga gati Mkoani aligeuka kushukuru, akauliza: "Hizi mnazivuna vipi?" Nikamwambia ni hadithi ndefu. Jibu lake ndilo hili jamvi mnaloliona. Yaliyopita katikati ya Mkoani na Mtambwe ni yetu, na hayo mniachie.

Kuna waliokuwa karibu nami miaka mitatu iliyopita na wanajua kwa nini safari hii naandika kwa kipimo. Wakati ule nilifurahi mapema nikatangaza mapema. Niliweka jina, nikaweka mwezi, nikapokea hongera za watu mia. Jambo lilipovunjika, na lilivunjika kwa heri bila mtu kumtukana mwenzake, nilibaki nikijibu maswali sokoni Wete, kwenye daladala, hata msibani. Kila aliyeniuliza aliuliza kwa mapenzi, na kila swali liliniuma upya. Mama alijibu mengi kwa niaba yangu na sijasahau. Kwa hiyo safari hii naweka kinachoonekana kwenye picha na si zaidi. Yeye pia anataka hivyo. Nilipomwambia sababu hakuuliza jina la mtu wala hakuuliza kosa lilikuwa la nani. Alisema tu: "Basi tutakwenda kwa mwendo wako."

Nawaomba basi. Msimtafute. Najua kuna wataalamu humu ambao kwa kofia tu wataniambia imeshonwa mtaa gani, na kweli ile kofia ya kiua ina kazi ya kutambulika, mamake aliishona kwa miezi. Mkimjua, mumwache kwenye utulivu wake. Msiniulize tarehe, maana tarehe si yangu kuitaja. Mambo haya yana wenyewe, yana wazee, yana mlango wa kuingilia, na mimi napenda kila kitu kipite mlango wake. Akina halati wa Chake, nawajua, msinipigie simu usiku. Mpigieni mama, na mama akikujibuni kwa habari za mvua mjue ndiyo majibu.

Ila kuomba dua hakuna mpaka. Mkiinua mikono tukumbukeni. Nimesema "tu", nimeliona nilivyoandika, na nimeliacha.

Dada zake wawili wananisalimia kila asubuhi sasa. Wananiita jina ambalo sijawahi kuitwa maishani, la herufi nne, na kila nikilisikia nageuka kutazama nyuma kama anaitwa mtu mwengine. Mdogo wao ameniahidi kunifundisha urojo wa kwao, anadai wa Pemba hatuujui. Sijabishana. Nimempelekea halua ya Wete, kilo moja, imalize mjadala.

Jamvi lenyewe lilianikwa siku nne. Jua lilikuwa zuri, wingu lilitishia Jumapili tukakimbia na maturubali, halikunyesha. Kila jioni nilikuwa naokota moja naivunja. Ikipinda bado, ikikatika kwa mlio imekauka. Jumanne zikalia zote. Karafuu mbichi kilo tatu hukupa kavu kama kilo moja hivi, kwa hiyo lile chungu mnaloliona kubwa pichani liliingia magunia machache tu, na mjomba akayapeleka kituoni.

Yote isipokuwa pishi mbili. Hizo bibi alizichagua mwenyewe, moja moja, zenye vichwa vizima, akazitia kwenye chupa ya kioo, akaifunika kwa kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati la chumbani kwake. Kasema hizo haziuzwi wala haziingii pilauni. Nilipomuuliza za nini hakunijibu. Jana kamtuma mdogo wangu nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana mlangilangi unaotoa maua, na nani bado anapanda mpompia.