YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUKAA NA MDOGO WANGU KWA WIKI SITA BAADA YA KUJIFUNGUA

Chumba namba 4,
Ilomba, Mbeya.
12 Juni 2025

Kwa Mama Atupele,
Mwenye nyumba,
Iringa.

Shikamoo Mama. Ninatumaini baridi ya huko Iringa haikuzidi nguvu, maana hapa Mbeya mwezi huu asubuhi hatutoki nje bila sweta.

Ninakuandikia kuomba ruhusa yako ya maandishi, kama mkataba wetu unavyotaka kwa mgeni anayelala zaidi ya siku saba. Mdogo wangu, Tusekile, alijifungua kwa upasuaji siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, katika Kitengo cha Wazazi cha Meta, na tumeambiwa kwamba hali yake ikiendelea hivi ataruhusiwa Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ninaomba akae chumbani kwangu pamoja na mtoto kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi, tarehe 26 Julai 2025, yaani siku 42.

Makazi yake ni Makongolosi, wilayani Chunya, na mumewe hushinda machimboni, kwa hiyo mchana hakuna mtu wa kumpikia wala kumshikia mtoto. Mama yetu mzazi, ambaye kwa desturi ndiye angemlea, yuko Kyela na miguu inamsumbua kiasi kwamba hata yeye anahitaji mtu wa kumhudumia. Kumpandisha mwenye mshono mbichi kwenye basi, kisha kumrudisha Mbeya kila anapohitajika kliniki, nimeona si jambo la busara. Tarehe ya mwisho sikuichagua kwa kubahatisha: mtoto atatimiza wiki sita Jumatatu, tarehe 21 Julai, na wiki hiyo ndiyo anayopata chanjo zinazofuata zile za kuzaliwa, na mama naye anapimwa. Baada ya hapo shemeji yangu atakuja kuwachukua, na nimekwisha kuzungumza naye.

Ninajua kwa nini kifungu hicho kimo kwenye mkataba. Mwaka jana mgeni wa wiki mbili katika nyumba hii aligeuka mpangaji wa miezi mitano, na sisi tuliobaki ndio tuliomlipia umeme. Kwa sababu hiyo nimeona nisiishie kuomba ruhusa tu, bali nieleze pia jinsi maji na umeme vitakavyolipwa, ili ukubali au ukatae ukiwa na hesabu mkononi.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yatakayotumika zaidi. Bili ya Mei ilikuja shilingi 26,400 nasi tukaigawa kwa vichwa 11, kila kichwa shilingi 2,400, na kaya yangu ya watu watatu ikalipa 7,200. Kuanzia bili ya Juni ninapendekeza tuhesabiwe vichwa 13, nami nilipe vichwa vitano. Mtoto mchanga hanywi maji ya bomba, lakini nepi zake za kitambaa zinafuliwa kila siku na mama yake anaogeshwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, hivyo nikisema asihesabiwe nitakuwa ninawadanganya wenzangu. Juni tutakuwa na mgeni nusu mwezi tu, lakini nitalipa kama mwezi mzima. Jumamosi asubuhi, kabla hawajafika, nitasoma mita pamoja na Baba Neema wa chumba namba 1, ambaye ndiye anayekusanya michango, na namba hiyo tutaiandika kwenye daftari lake.

Hapo kuna jambo moja ninalokuomba kwa unyenyekevu. Koki ya bafuni bado inavuja, na ndoo ninayoiweka chini yake usiku huwa ninaikuta imejaa asubuhi. Niko tayari kulipia maji ya mgeni wangu, ila nisingependa bili ikipanda yahesabiwe kuwa ya nepi hata yale yanayopotea kwenye koki. Ukiruhusu, nitamwita fundi wiki hii, nilipe mimi kwanza, na gharama ikatwe kwenye kodi ya mwezi ujao baada ya kukutumia risiti.

Kuhusu umeme, kaya zote nne tunatumia LUKU moja na kila kaya inachanga shilingi 8,000 kwa mwezi. Matumizi yatakayoongezeka ni mawili. La kwanza ni pasi, kwa sababu nguo za mtoto lazima zipigwe pasi: pasi yangu ni ya wati 1,000, ikitumika nusu saa kwa siku inakula nusu yuniti, na kwa siku 42 ni yuniti 21. La pili ni taa itakayowaka usiku kucha. Ni ya wati 9, na kwa muda wote huo haitafika yuniti tano. Jumla ni yuniti 26 hivi, na kwa kuwa shilingi 10,000 hutupatia takribani yuniti 28, nitanunua LUKU ya 10,000 Jumamosi hiyo hiyo, nje ya mchango wangu wa kawaida, na Baba Neema ataingiza tokeni mwenyewe. Kodi ya jengo haitagusa fedha hiyo, kwa kuwa ya mwezi huu ilikwisha kukatwa tuliponunua mara ya kwanza.

Sitatumia hita ya umeme ya kuchemshia maji wala ya kupasha chumba joto, ingawa ninajua baridi ya Julai inavyomshawishi mtu. Maji ya kuoga na ya kumkanda mzazi yatachemshwa kwa mkaa wangu katika jiko la nje, na uji wa usiku nitaupika kwa mtungi wangu mdogo wa gesi. Jiko la mkaa halitaingizwa chumbani hata likiwa limebaki makaa tu, kwa kuwa hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Nimezungumza na wapangaji wenzangu watatu, na wamekubali hesabu hii. Mama wa chumba namba 2 aliuliza kuhusu kilio cha usiku, kwa kuwa kijana wake anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Tumekubaliana kwamba kitanda cha mgeni kiwekwe upande wa ukuta wa barabarani, mbali na chumba chao; zaidi ya hapo sikuweza kumwahidi, maana mtoto ni mtoto. Watu watakaokuja kumwona mzazi watakuja mchana na wataondoka kabla ya saa 12 jioni. Zamu yangu ya kusafisha choo na bafu itakuwa mara mbili kwa wiki badala ya moja, na balozi wetu nitamjulisha mara tu nitakapopata jibu lako.

Iwapo daktari ataona mshono unahitaji muda zaidi, nitakuandikia upya kabla ya tarehe 19 Julai. Nisipoandika, ujue wanaondoka tarehe 26. Na kama kuna kiwango kingine unachoona kinafaa kwa maji au umeme, kiandike kwenye jibu lako nami nitakifuata.

Ninaomba jibu lako kabla ya Jumamosi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, ambao nitaunakili kwenye daftari mbele ya Baba Neema.

Wako mtiifu,

Mama Lusajo
Mpangaji, chumba namba 4