Notsi za fasta: seli ya mmea kabla ya pepa ya Jumatatu

Haya form two, someni hii taratibu. Kwenye masahihisho ya zoezi la juzi nimeona wengi mnajua majina ya sehemu za seli, ila swali likiuliza "kwa nini" mnakwama, na maksi nyingi ziko huko huko kwenye kwa nini.

Anzeni na vitu ambavyo seli zote mbili zinavyo, ya mmea na ya mnyama: utando wa seli, saitoplazimu, kiini, na mitokondria. Hiyo mitokondria naomba muikazie sana, mana kila mwaka kuna wanaoandika eti mmea hauna mitokondria kwa sababu una kloroplasti. Sio kweli. Kloroplasti inatengeneza chakula, mitokondria inakitoa nishati, na mmea unapumua usiku na mchana kama sisi, kwaiyo unazo zote mbili.

Sasa ukuta wa seli. Uko nje kabisa, nje ya utando, na umetengenezwa hasa na selulosi. Ni mgumu na unaipa seli umbo, ndo mana seli za kitunguu kwenye darubini zinaonekana zimepangana zikiwa na pembe pembe, wakati seli za shavu lako zinaonekana duara duara hazina mpangilio. Ukuta unaruhusu maji na vitu vilivyoyeyuka kupita bila kuchagua, anayechagua ni utando wa seli. Mtahini anapenda kuwachanganya hapo. Ukiandika "ukuta unachagua kinachoingia" maksi imeenda. Na seli ya mnyama HAINA ukuta, ina utando tu.

Vakuoli: seli ya mmea iliyokomaa inakuwa nayo moja kubwa katikati, inaweza kuchukua mpaka asilimia 90 ya nafasi yote, afu kiini na saitoplazimu vinasukumwa pembeni. Kwaiyo ukichora, usiweke kiini katikati kabisa na vakuoli kadogo pembeni, hiyo ni mchoro wa seli ya mnyama umeuvalisha ukuta. Ndani kuna utomvu wa seli, yani maji yenye sukari, chumvi na wakati mwingine rangi. Ule wekundu wa bitiruti unakaa kwenye vakuoli. Mnyama anaweza kuwa na vakuoli ila ni ndogo ndogo na za muda, kwaiyo usiandike "hana", andika "ndogo na za muda".

Hapa ndo patamu: ukuta na vakuoli vinafanya kazi pamoja. Maji yakiingia kwa osmosisi vakuoli inajaa na kusukuma kwa nje, ukuta unazuia, seli inakaza, kama tyubu iliyojazwa upepo ndani ya tairi. Mchicha unasimama hauna mfupa kwa sababu hiyo, na ukinyauka jua kali ni vakuoli zimepoteza maji. Chukua seli nyekundu ya damu uiweke kwenye maji matupu, inavimba inapasuka, mana hakuna ukuta wa kuizuia. Ukielewa hii huhitaji kukariri tofauti ya kwanza na ya pili, zinajieleza zenyewe.

Kloroplasti ina klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga kwa ajili ya usanisinuru. Ina tando mbili kwa nje na ndani kuna vibahasha vimepangwa juu kwa juu, klorofili iko humo. Muhtasari wa kazi yake:

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Glukosi inayozidi mmea unaiweka kama wanga, ndo mana ukidondoshea iodini kwenye kiazi inageuka bluu karibu na nyeusi. Mnyama anahifadhi glaikojeni. Mnyama hana kloroplasti, chakula anakula tu.

Ila jamani, sio kila seli ya mmea ina kloroplasti! Mzizi uko gizani ardhini, kloroplasti za nini? Na ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu mnayoiangalia maabara haina pia. Ukiulizwa uchore ulichokiona usichore vidoa vya kijani. Nyingi ziko kwenye jani, hasa zile seli ndefu za upande wa juu unaopigwa na jua.

Kwenye maswali ya tofauti andika pande zote mbili kwenye sentensi moja. "Ina ukuta" peke yake haitoshi, andika "seli ya mmea ina ukuta wa selulosi ila ya mnyama haina".

Jaribuni hili usiku huu: kipande cha muhogo kimewekwa kwenye maji yenye chumvi nyingi, baada ya saa kadhaa kimelegea, eleza kwa nini. Jibu linalotakiwa: maji yametoka kwenye vakuoli kwa osmosisi kwenda kwenye chumvi, vakuoli imesinyaa, utando umebanduka kutoka kwenye ukuta, na ukuta hausukumwi tena. Mtu akikosa hata kimoja kati ya hivyo arudi pale kwenye vakuoli asome upya.