Swali la 4: Uchambuzi wa mahusiano ya mapato na gharama (alama 20)

Unakagua kampuni ya kuoka mikate ya Morogoro kwa mwaka ulioishia 30 Juni 2024. Hesabu za 2023 zilikaguliwa na kupewa hati safi. Tofauti inayovumilika ni Sh milioni 60.

| Sh milioni | 2023 | 2024 |
|---|---|---|
| Mapato | 4,200 | 5,250 |
| Gharama ya mauzo | 2,940 | 3,100 |
| Mishahara ya ofisini | 420 | 441 |
| Mafuta ya magari ya usambazaji | 252 | 263 |
| Matengenezo ya mitambo | 84 | 26 |
| Wadaiwa | 345 | 860 |

Stakabadhi za stoo zinaonyesha unga uliotumika ni mifuko 27,000 ya kilo 50 mwaka 2023 na 28,500 mwaka 2024. Bei ya mkate, aina za mikate na uzito wake havikubadilika. Wafanyakazi wa ofisini ni walewale. Waliongezewa mshahara asilimia 5 tangu 1 Julai 2023. Rejista ya mali za kudumu ina ongezeko la Sh milioni 70 lenye maelezo "kubadili beringi na mikanda ya tanuri".

Mkurugenzi anasema: "Mauzo yamepanda kwa sababu tumepata mawakala wapya Dodoma."

Takiwa:
(a) Kadiria mapato ya 2024 kwa kutumia unga. (alama 5)
(b) Taja mahusiano yasiyo ya kawaida, na yale yanayoonekana hivyo lakini siyo. (alama 9)
(c) Eleza ushahidi utakaoutafuta. (alama 6)

Mwongozo wa usahihishaji

(a) Mfuko mmoja ulileta Sh 155,556 mwaka 2023. Mara 28,500 ni Sh milioni 4,433. Mapato ya vitabuni yamezidi kwa Sh milioni 817.

(b) Faida ghafi imeruka kutoka asilimia 30 hadi 41. Weka 4,433 mahali pa 5,250, inarudi 30.1. Siku za wadaiwa zimetoka 30 hadi 60, nazo zinaelekea kwenye ankara zisizo na mzigo. Mafuta yamepanda asilimia 4.4, karibu sawa na unga (5.6), lau mikate ya ziada ingekwenda hadi Dodoma, mafuta yangepanda zaidi. Hapa ndipo maelezo ya mkurugenzi yanapokwama.

Mishahara imeshuka kutoka asilimia 10 hadi 8.4 ya mapato, na watahiniwa wengi huikamata. Wasipewe alama: 420 × 1.05 ni 441 kamili. Kilichoharibika ni kigawanyo. Matengenezo ni kosa halisi: yalitarajiwa karibu 89 (asilimia 2 ya 4,433), na zile 70 zimepelekwa kwenye mali ilhali ni gharama ya mwaka.

(c) Ankara za Juni zilinganishwe na hati za kupokelea mzigo zilizosainiwa na mawakala. Hati za kurudisha mauzo za Julai na Agosti. Fedha zilizoingia benki baada ya 30 Juni. Barua za uthibitisho wa madeni kutoka kwa mawakala wa Dodoma. Na vitabu vya safari vya madereva. Mkate haukai wiki ghalani, kwa hiyo "mzigo bado uko kwetu" halikubaliki kama jibu. Kumuuliza mkurugenzi tena, bila nyaraka, ni alama 0.