Kwa wateja wetu wa mkopo: taarifa zako zimechukuliwa, fanya haya leo

19 Machi 2025

Ndugu mteja,

Baada ya tangazo letu la Jumatatu kuhusu taarifa za wateja zilizochukuliwa, wengi mmepiga simu mkiuliza swali moja: nimeibiwa nini? Tangazo lile halikulijibu. Hili linachukua nafasi yake.

Tulipokuwa tunahamisha kumbukumbu za mikopo ya simu na friji kwenda mfumo mpya, fundi wetu aliweka nakala ya faili la wateja mtandaoni bila nywila. Lilikaa wazi kuanzia 3 Machi hadi jioni ya 11 Machi, tulipoligundua na kulifunga. Kwa muda huo mtu tusiyemjua alilipakua. Kwa hiyo hatusemi "huenda" limechukuliwa. Limechukuliwa.

Kama ulisaini mkataba kabla ya 1 Januari 2025, umo. Faili lina jina lako kamili, namba ya simu, namba ya NIDA, mtaa unaoishi, jina na simu ya mdhamini wako, na deni lililobaki. Picha ya kitambulisho haimo. Namba ya siri ya M-Pesa, Mixx au Airtel Money pia haimo, maana hatujawahi kukuomba.

Tunachokihofia zaidi ni simu ya tapeli. Anajua jina lako, anajua unadaiwa shilingi ngapi, hata mdhamini wako anamtaja. Atakuambia "lipa leo kwa namba hii upunguziwe deni", na utamwamini. Usilipe. Namba yetu ya malipo ni ileile iliyochapwa kwenye mkataba wako na haijabadilika. Sisi hatutakupigia kuomba namba ya siri wala pesa. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, utume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, bure.

Namba ya NIDA huwezi kuibadilisha kama nywila, kwa hiyo hapa inabidi uwe macho muda mrefu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika wakaifute. Rudia ukaguzi huu kila mwezi.

Tafadhali mwambie na mdhamini wako. Tunampigia pia, lakini wewe atakuamini haraka kuliko sisi, na kwa wiki hii ana haki ya kutotuamini.

Tumetoa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Una haki ya kutulalamikia huko moja kwa moja bila kupitia kwetu. Ukitapeliwa, toa taarifa polisi, kisha utuletee namba ya taarifa hiyo. Tutasimamisha marejesho yako bila faini wakati shauri likichunguzwa.

Maswali: piga namba iliyo juu ya mkataba wako, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumapili pia, au fika dukani kwetu Kariakoo.

Tunaomba radhi.

Meneja, Huduma kwa Wateja